Digrii thelathini zilizojificha kwenye mota

Mota ilikuwa imeshika joto kiasi cha kuondoa kidole haraka, na kamera haikuwa imefanya kazi yoyote zaidi ya kukaa mezani kwa dakika kumi. Ukiiinamisha fremu polepole ubavuni, picha ilitulia. Ukiinamisha kwa kasi kidogo, mkono wa kamera ulianza kutetemeka na kunguruma kama nyuki ndani ya kopo.

Ulikuwa mhimili wa kulala ubavu wa kitulizi cha kamera tulichokitengeneza wenyewe, mimi na mwenzangu wa karakana. Mota ilikuwa ndogo, bapa, isiyo na brashi, yenye jozi 7 za sumaku na omu 10 kati ya waya na waya. Mgongoni mwake tulikuwa tumebandika kisumaku kinachosomwa na kihisi cha AS5048A, na programu ilikuwa SimpleFOC. Kamera na lenzi yake ndefu vilikuwa na gramu 320.

Kwanza tulidhani kosa liko kwenye namba za PID, zile zinazoamua mota irekebishe kosa kwa ukali gani, kama kila mtu anavyodhani. Tulishusha P ya kasi kutoka 0.2 hadi 0.05. Ngurumo ikapungua, na utulivu ukapungua nayo, maana mkono ulianza kulegea na picha kuelea. Joto lilibaki palepale. Hapo ndipo tungepaswa kushtuka: mkono uliotulia ukivuta umeme mwingi, tatizo haliko kwenye PID.

Kinachofanyika ndani ni hiki. Udhibiti wa uga, ambao ndio kazi ya SimpleFOC, unataka uga wa koili uwe digrii 90 za umeme mbele ya sumaku za rota, sehemu inayozunguka, wakati wote; digrii 360 za umeme ni jozi moja ya sumaku. Unataka hivyo kwa kuwa hapo ndipo kila ampea inazaa nguvu kubwa ya kuzungusha. Ili programu ijue sumaku zilipo, lazima ijue sifuri ya kihisi iko wapi ukilinganisha na sifuri ya koili. Hiyo huitafuta inapowashwa: inaiburuta rota mbele na nyuma, kisha inaishikilia mahali pamoja kwa volti ulizoweka, inasubiri kidogo, halafu inasoma pembe. Mwishoni inaandika:

```
MOT: sensor_direction==CW
MOT: PP check: OK!
MOT: Zero elec. angle: 1.89
```

Ile `OK!` ndiyo iliyotupumbaza. Inathibitisha kwamba idadi ya jozi za sumaku ni sahihi, basi. Haisemi lolote kuhusu usahihi wa namba ya chini yake.

Mwenzangu ndiye aliyegundua, bila kukusudia. Alibadilisha lenzi akaweka fupi, akawasha, namba ikawa 2.20. Akaondoa kamera yote, akawasha tena: 2.41. Sifuri ya mota haina sababu ya kujua lenzi gani imefungwa. Kama inajua, kuna kitu kinaivuta rota wakati wa kupimwa, na kitu chenyewe ni uzito wa kamera.

Tulipiga hesabu. Tuliufunga mzani wa kuning'iniza kwenye mkono, sentimita 5 kutoka katikati ya mhimili, tukavuta huku mota ikishikilia kwa volti 3, ambazo ndizo programu hutumia usipoigusa. Iliachia kwenye gramu 75, yaani kama niutoni-mita 0.037. Kisha tukatafuta kitovu cha uzito wa kamera kwa kuilaza kwenye ukingo wa rula: kilikuwa milimita 6 pembeni mwa mhimili. Gramu 320 kwa milimita 6 ni niutoni-mita 0.019, nusu ya uwezo wote wa mota kwa volti zile. Rota inayovutwa kwa nusu ya uwezo wake husogea digrii 30 za umeme kabla ya kusimama, kwa kuwa sini ya 30 ni nusu. Gawa kwa 7 upate kama digrii 4 za mhimili, kitu ambacho jicho halikioni. Digrii 30 ni radiani 0.52, na 2.41 ukitoa 1.89 unapata hiyohiyo 0.52. Tulitazamana tukacheka.

Kosa la digrii 30 linakupunguzia nguvu hadi asilimia 87 tu, kwa hiyo mota inaendelea kufanya kazi na hushuku chochote. Lakini kupata nguvu ileile unahitaji umeme zaidi, na joto linakwenda kwa mraba wa umeme, kwa hiyo linapanda kwa theluthi moja. Umeme unaopotea haupotei kimya pia. Unasukuma sambamba na sumaku za rota, na rota ikizunguka, unaisaidia upande mmoja na kuikwamisha upande wa pili.

Hapo ndipo palipo na kipimo kizuri ambacho hakihitaji mzani. Fungua mkono wa kamera ili mota izunguke bure, andika kwa mkono ile sifuri unayoishuku, weka hali ya nguvu badala ya kasi, kisha toa volti 2 halafu volti -2. Kwa 1.89 tulipata radiani 41 kwa sekunde upande mmoja na 47 upande mwingine. Kwa 2.41 zilikuwa 49 na 50. Pengo kati ya pande mbili likiwa kubwa kuliko hilo la mwisho, sifuri si sahihi, na hakuna PID itakayoitengeneza.

Tulifanya mambo mawili. Tulisogeza bamba la kamera hadi mkono ukabaki popote ulipoachwa umeme ukiwa umezimwa. Na sifuri tuliipima mara moja tu, bila kamera, kwa volti 5, mkono ukiwa na nafasi ya kuzunguka digrii 52 kila upande, maana mzunguko mmoja wa umeme ni 360 kwa 7 na waya ukikwama njiani vipimo vinaharibika. Tukaiandika ndani ya programu kabla ya `initFOC()`, ili isipimwe tena kila inapowashwa:

```cpp
motor.zero_electric_angle = 2.41;
motor.sensor_direction = Direction::CW;
```

Baadaye ndipo PID ilipokubali kurekebishwa. Ngurumo iliyobaki ilitokana na kihisi chenyewe. AS5048A inagawa mzunguko mara 16384, na tukipima kasi kila milisekunde moja, hatua moja tu ya kihisi inaonekana kama radiani 0.38 kwa sekunde, mkono ukiwa umesimama. P inalikuza hilo na kulipeleka kwenye koili. Kichujio kinalipunguza, ila kinachelewesha, na ucheleweshaji ndio unaoleta mtetemo. Tukaacha kihisi kifanye kazi ya kuelekeza uga peke yake, na kasi tukaisoma kwenye jairo ya MPU6050, kihisi cha kasi ya kuzunguka, iliyo chini ya kamera. Kwenye kipimo chake cha digrii 250 kwa sekunde, hatua yake moja ni radiani 0.00013 kwa sekunde. Isitoshe, jairo inapima kamera inavyoyumba angani, na hicho ndicho kitulizi kinachotakiwa kukizuia.

P tuliipandisha kidogokidogo, kidole kikiwa juu ya bamba, hadi mtetemo uliposikika kwenye 0.6. Tukarudi 0.35, ndipo tukaongeza I, namba ya PID inayofuta kosa linalobaki, hadi picha ikaacha kuelea. Baada ya dakika kumi mota ilikuwa vuguvugu.

Mwenzangu akachukua kalamu ya wino mzito akaandika 2.41 ubavuni mwa mota, na chini yake: sumaku isiguswe.