Jinsi nilivyojifunza kuimaliza tafsiri kwa kengele ya dakika 45

Ninaishi kwa kutafsiri, hasa vitabu vya afya kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na kwa miaka mingi tatizo langu halikuwa lugha. Tatizo lilikuwa kumaliza. Nilikuwa nikiandika aya moja, nairudia, naifuta nusu, naiandika tena, na jioni inanikuta bado niko kwenye aya ileile. Kazi moja ya kurasa 18 ilinikalia siku tisa nikiwa nimefika ukurasa wa nne tu. Mteja akasubiri, akanipigia mara mbili, mwisho akachukua kurasa zilizobaki akampa mtu mwingine. Iliniuma sana, kwa sababu kurasa zile nne nilikuwa nimezipenda.

Kilichonifungua macho ni mzee mmoja mhariri tunayemwita Mwalimu. Nilimpelekea aya mbili kuhusu kumlisha mtoto wa miezi 6 hadi 8. Aya ya kwanza ilikuwa kama nilivyoiandika siku ya kwanza, ya pili ni ileile baada ya siku nne za kuirekebisha. Sikumwambia ipi ni ipi. Alizisoma kwa kalamu nyekundu mkononi, kisha akasema, "Mwanangu, zote zinasomeka. Ila hii ya pili ina kosa. Asili ya Kiingereza inasema mtoto alishwe mara 2 hadi 3 kwa siku, wewe umeandika mara 3."

Nilirudi kwenye rasimu zangu nikafuatilia. Siku ya kwanza namba ilikuwa sahihi. Ilipotea siku ya tatu, nilipokuwa nafupisha sentensi ili itiririke. Kumbe kule kurudiarudia hakukuwa kunaisafisha kazi, kulikuwa kunaingiza makosa mapya mahali ambapo hayakuwapo.

Kazi iliyofuata ilikuwa kijitabu cha lishe ya watoto wachanga, maneno kama 6,000. Kabla ya kuanza nilipima kasi yangu ya kweli, si ile ninayoitamani. Nilitafsiri dakika 45 bila kurudi nyuma nikahesabu: maneno 250. Maana yake rasimu nzima ni awamu 24 za dakika 45. Kusoma mara ya pili nilikwenda kwa maneno 750 kwa awamu, yaani awamu 8. Nikiweka awamu 6 kwa siku, rasimu ni siku 4, usomaji wa pili siku moja na kidogo. Nikamwahidi mteja wiki moja.

Muda peke yake haukunisaidia. Siku ya kwanza simu ililia, nikabonyeza kitufe cha kuongeza dakika kumi, kisha nyingine kumi. Nilichokosa ni jibu la swali moja: nitajuaje kwamba sehemu hii imetosha? Nilikuwa nimeandika kwenye kikaratasi "sentensi ziwe nzuri," na neno "nzuri" halina mwisho. Saa yoyote naweza kusema bado.

Basi nikabadilisha kikaratasi. Kwa rasimu niliandika mambo mawili tu: kila sentensi ya asili ina sentensi yake ya Kiswahili, na kila neno ninalolitilia shaka limewekewa alama mbili za kuuliza. Hayo yakitimia, sehemu imetosha. Kwa usomaji wa pili niliandika matatu: kila namba imelinganishwa na asili kwa kidole, istilahi zinafuata orodha yangu, na kila sentensi imesomwa kwa sauti mara moja na kubadilishwa pale tu ulimi ulipokwama. Kila jambo hapo hujibiwa kwa ndiyo au hapana. Yakijibiwa ndiyo yote kabla ya kengele, nasimama, hata kama dakika zimebaki. Kengele ikilia na moja bado ni hapana, najipa nusu awamu kwa ajili ya hilo moja, kisha naendelea mbele. Simu nikaihamishia juu ya friji jikoni, ili kuinyamazisha kunilazimu kuinuka.

Zile alama mbili za kuuliza ndizo zilizobeba uzito wote. Zamani neno likinitatiza nilikuwa nafungua kamusi, kamusi inanipeleka kwenye makala, saa imekwisha. Sasa naandika neno la kwanza linalonijia, naweka ?? na kusonga. Mwisho wa rasimu zilikuwa 31. Nilipozipitia, 19 zilikuwa zimejijibu zenyewe, kwa sababu kurasa za mbele zilieleza kilichokusudiwa. Tisa nilizimaliza kwa kamusi. Tatu nikamuuliza mteja.

Moja kati ya hizo tatu inafaa kuielezea. Nilikuwa nimeandika "vyakula vya kulikiza," neno nililolizoea tangu utotoni. Lakini kulikiza ni kumwachisha mtoto ziwa, na kijitabu kilikuwa kinasema kinyume: kuanzia miezi 6 mtoto apewe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Mama akisoma "kulikiza" anaweza kuelewa kwamba sasa aache kunyonyesha. Tukakubaliana "vyakula vya nyongeza." Neno lile lilistahili nusu saa niliyolipa, na niliipata nusu saa hiyo kwa sababu sikuimaliza nikichagua kati ya "hata hivyo" na "lakini." Hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti: shaka inayobadilisha anachokifanya msomaji, na shaka ya ladha yangu tu. Dalili ya hii ya pili naijua sasa. Nikilibadilisha neno, kisha nikalirudisha lilivyokuwa, hapo naliacha. Mara moja ya kurudi inatosha kunionyesha kwamba yote mawili yanafaa.

Upo ukurasa mmoja ambao sikuuwekea kengele kabisa. Unahusu mtoto mwenye kuharisha: zinki apewe miligramu ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, na aliye chini ya miezi 6 apewe ngapi. Huwezi kusema "imetosha" kwenye dozi. Pale kanuni ya kusimama ilikuwa nyingine: mtu wa pili ausome ukurasa huku mimi namsomea asili kwa sauti, namba kwa namba, hadi tukubaliane. Mdogo wangu ni muuguzi, akaja jioni tukafanya hivyo. Ilichukua dakika ishirini. Nadhani mtu yeyote anayefungia kazi ndani ya muda lazima kwanza atenge kurasa za namna hii, vinginevyo hofu yake ina haki ya kukataa kusimama.

Awamu ngumu kuliko zote ilikuwa ya mwisho. Ukurasa wa 11 ulikuwa na sentensi kuhusu uji mzito ambayo sikuipenda. Kikaratasi kilisema ndiyo mara tatu: namba sawa, istilahi sawa, ulimi haukukwama. Mikono ilikuwa inaelekea kwenye kibodi. Nikafungua daftari, nikaiandika sentensi kama ninavyoitaka pamoja na namba ya ukurasa, ili isipotee wakitoa toleo jingine. Kisha nikatuma. Ilikuwa Alhamisi saa kumi alasiri, siku moja kabla ya ahadi.

Mteja alirudisha masahihisho manne baada ya wiki mbili. Mawili yalikuwa jina la kituo lililoandikwa kwa namna mbili tofauti, jambo ambalo halikuwa kwenye kikaratasi changu, na sasa limo. Mawili yalikuwa alama za uandishi. Sentensi ya uji hawakuigusa.