Jinsi Nilivyoifanya Chupa ya Manukato Ionekane ya Kioo Kweli

Picha ya kwanza niliyompelekea mteja wangu ilirudi na swali moja tu: "Kaka, humu ndani kuna manukato au kuna moshi?" Nilikasirika kwa muda wa dakika tano, kisha nikaikuza picha ile kwenye skrini na kukiri kwamba dada yule alikuwa amenionea huruma, kwa sababu kasoro ya kimiminika ilikuwa ndogo zaidi kati ya zote. Mng'ao kwenye kifuniko ulitoka kushoto na mng'ao wa chupa ulitoka kulia. Kwenye uso wa mbele wa kioo palionekana dirisha lenye vioo vinne, ilhali nilikuwa nimeomba picha ya studio isiyo na dirisha lolote.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuielezea: chupa moja ya mstatili, kioo kinene, kitako kizito, manukato ya rangi ya kaharabu yaliyofika theluthi mbili ya chupa, na mandhari meupe. Nilikuwa nikitumia programu ya akili mnemba inayozalisha picha kutokana na maagizo ya maandishi, au prompti kama wengi tuitavyo, nami nilijiona fundi kwa kuwa nilikwisha kutengeneza picha za viatu, vikapu na saa bila shida. Sikujua kwamba kiatu kina sura yake mwenyewe, na kioo hakina.

Kabla ya kufika huko, niliomba ushauri, na ushauri niliopewa ndio ulionipotezea jioni mbili nzima. Niliambiwa niongeze maneno ya uhalisia. Nikaongeza "hyperrealistic", nikaongeza "ray tracing", nikaongeza "glossy" na "highly reflective", na mwenzangu mmoja aliyejiona mwanafizikia akanishauri niandike kipimo cha kioo cha kupinda mwanga, yaani 1.5, ili programu ipige hesabu vizuri. Niliandika yote. Matokeo yalikuwa chupa iliyong'aa kila upande kama taa za sherehe, na katika mojawapo ya picha hizo, ndani ya kioo, palikuwa na mji mzima wenye maghorofa. Nilipoandika "no reflections" ili kuuondoa mji ule, nilipata miji miwili. Nilipolihamishia neno hilo kwenye kisanduku cha mambo yasiyotakiwa, programu ilitii kwa ukamilifu, ikaondoa kila mng'ao, na chupa ikageuka kuwa plastiki iliyofifia.

Sababu ya hayo yote nililazimika kuielewa mwenyewe. Programu za aina hii hazifuatilii safari ya mwanga kutoka kwenye taa, kupitia kioo, hadi kwenye lenzi. Zimejifunza tu jinsi picha zilizopigwa zinavyoonekana. Namba 1.5 haina kazi yoyote humo, na neno "reflective" huita kila aina ya mng'ao uliowahi kuandamana na neno hilo, kuanzia dirisha la duka hadi bonge la chuma kwenye tangazo la gari. Kukanusha ndani ya sentensi nako mara nyingi hakusaidii, kwa sababu neno lenyewe limekwisha kutajwa.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo ninajivunia hadi leo, ingawa watu wa nyumbani kwangu walidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Nilichukua chupa ndogo ya kioo kinene, nikaijaza maji hadi theluthi mbili, nikatia tone la wino, nikaiweka mbele ya karatasi kubwa nyeupe iliyomulikwa kwa nyuma na taa ya mezani. Chupa ilikaribia kutoweka. Kingo zake ziliyeyuka ndani ya weupe, na kama si wino ningesema hakuna kitu pale. Kisha nikakata kadi mbili nyeusi na kuzisimamisha kushoto na kulia, nje kidogo ya kile ambacho simu yangu ilikuwa inakiona. Papo hapo chupa ilijichora yenyewe kwa mistari myeusi, safi, kana kwamba mtu amepitisha kalamu kwenye kila ukingo. Nilizitoa kadi na kuzirudisha labda mara kumi, kwa furaha tu.

Kinachotokea ni kwamba katikati ya chupa mwanga hupita karibu moja kwa moja, hivyo tunaona weupe wa nyuma. Lakini kwenye kingo, ambako kioo kimejikunja, mwanga hupinda sana na kutuletea kile kilichoko pembeni. Pembeni kukiwa na weusi, ukingo huwa mweusi. Wapiga picha wa bidhaa wamekuwa wakitumia mbinu hii kwa miaka mingi, pamoja na kinyume chake, yaani mandhari meusi na taa za pembeni zinazofanya kingo zing'ae. Kwa hiyo niliacha kukieleza kioo na kuanza kueleza kilichokizunguka. Maagizo yangu, niliyoyaandika kwa Kiingereza kwa sababu programu niliyotumia inakielewa zaidi, yakawa hivi:

```
rectangular clear glass perfume bottle, thick base,
two-thirds full of pale amber liquid,
backlit by a plain white panel,
black cards just outside the frame on both sides,
crisp dark outlines along the glass edges,
one tall narrow softbox at left, seen as a single
thin line on the rounded left corner,
camera level with the liquid surface
```

Picha ya kwanza kutokana na maneno hayo ilikuwa bora kuliko zote mia na kitu zilizotangulia. Hakuna neno hata moja linalosema "halisi".

Mstari wa softboksi, yaani taa iliyofunikwa kitambaa cha kulainisha mwanga, unahitaji maelezo kidogo, kwa maana hapo ndipo picha nyingi ninazoziona zinapojisaliti. Uso wa mbele wa chupa ya mstatili ni kioo bapa. Ukiielekeza chupa moja kwa moja kwa kamera, uso huo huakisi kile kilicho nyuma ya kamera, ambacho studioni kwa kawaida ni giza, tena huakisi karibu asilimia 4 tu ya mwanga. Taa iliyoko kushoto haiwezi kuonekana katikati ya uso huo. Itaonekana kwenye pembe ya mviringo ya kushoto, kama mstari mwembamba wa wima. Ukitaka mng'ao mpana ufunike uso wa mbele, basi igeuze chupa kidogo kuelekea taa, na uandike hivyo katika maagizo. Chupa ya duara ni rahisi zaidi, kwa kuwa popote taa ilipo, mgongo wake utaidaka mahali fulani na kuivuta iwe mstari mrefu. Mimi nilikuwa nimeomba chupa bapa inayotazama mbele na wakati huohuo mng'ao mkubwa katikati, kisha nikailaumu programu.

Baada ya kingo kutulia, kimiminika bado kilinisumbua. Programu ilikuwa inakipaka rangi ya kaharabu kila mahali, hata ndani ya kioo kinene cha kitako, hivyo chupa ilionekana kama pipi moja iliyogandishwa. Nilirudi kwenye chupa yangu ya wino kutazama, na nikaona jambo ambalo nilikuwa nimelitazama maisha yangu yote bila kuliona: juu ya maji, ukuta wa ndani wa chupa unaonekana wazi kwa mistari mikali, na chini ya maji mistari ileile inafifia. Hewa na kioo hutofautiana sana katika kuupinda mwanga, 1 kwa 1.5, ilhali maji ni 1.33, na alkoholi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya manukato, ni 1.36, hivyo mpaka wake na kioo huwa mpole zaidi. Sikuiandikia programu namba hizo, kwani nilikwisha kupata somo langu. Niliandika tu kwamba sehemu tupu ya juu ionyeshe kuta za ndani zilizo wazi, na kwamba kitako kiwe kioo kisicho na rangi chini ya kimiminika. Nilishikilia mbegu ileile, yaani namba inayoanzisha picha, nikabadilisha kifungu kimoja kwa wakati mmoja. Bila hivyo huwezi kujua ni neno gani limefanya kazi na ni bahati gani imekutembelea.

Kifungu cha kamera kuwa sawa na uso wa kimiminika nacho si pambo. Kamera ikiwa usawa huo, uso wa manukato huonekana kama mstari mmoja mwembamba unaopanda kidogo unapogusa kioo. Kamera ikiwa juu zaidi, utauona uso wenyewe kama pande la mstatili. Programu hupenda kuvichanganya viwili hivyo: mstari mwembamba wa kimiminika, na papo hapo sehemu ya juu ya kifuniko ikionekana kana kwamba tunaitazama kutoka darini. Siku hizi hilo ndilo jambo la kwanza ninalolikagua, kabla hata ya mng'ao.

Mrija wa kinyunyizio ulinishinda kwa maandishi matupu, na sioni aibu kusema hivyo. Ulikuwa ukiishia katikati ya kimiminika, au ukiwa miwili, au ukitokeza mahali ambapo hakuna kinyunyizio. Mwishowe niliifunika sehemu ile kwa brashi na kuizalisha upya yenyewe, huku `denoising strength`, yaani kiasi ambacho programu inaruhusiwa kuibadilisha picha, ikiwa karibu 0.4, kwa maana juu ya hapo ilianza kunibadilishia kioo kizima, na chini ya 0.3 haikufanya lolote. Katika chupa ya duara ningetarajia mrija uonekane mnene zaidi ndani ya kimiminika. Katika yangu ulipaswa kunyooka tu, kwa kuwa nilikuwa nautazama kwa mbele. Zipo chupa zenye mrija wa plastiki maalumu inayopinda mwanga karibu sawa na alkoholi, hivyo hupotea kabisa ndani ya manukato, na laiti ningelijua hilo mapema ningemwambia mteja kwamba chupa yake ni ya aina hiyo.

Kivuli kilikuwa cha mwisho. Taa ikiwa nyuma, kivuli huja mbele, kuelekea kwetu, na ndani yake huwa na doa la mwanga wa rangi ya kaharabu, kwa sababu mwanga umepitia kwenye manukato. Programu ilinipa kivuli cha kijivu kilicholala kulia, kama cha tofali. Niliongeza maneno haya, na jaribio la tatu likakubali:

```
soft shadow falling toward the camera,
amber glow inside the shadow
```

Salio langu la programu liliisha mara mbili katika kazi hii, na sijathubutu kujumlisha. Picha ya mwisho niliituma usiku bila kuandika neno lolote. Asubuhi dada yule alijibu kwamba imekaa vizuri, ila angependa manukato yawe ya rangi ya waridi na chupa iwe ya duara.