Barua kwenye droo ya cherehani

Wakati ule nilikuwa na duka la ushonaji Temeke, na Januari ndiyo ilikuwa ikitulisha: sare za shule. Kijana niliyekuwa namfundisha kazi alikaa Mbagala. Asubuhi jukumu lake la kwanza lilikuwa kuwasha pasi ya mkaa, maana sketi za marinda hazina mjadala. Rinda hulazwa kwa pasi kwanza, mkanda ndiyo ufuate. Ukitanguliza mkanda, marinda yanapishana, na hapo dawa yake ni kufumua. Mkaa nao unataka muda wake. Ukiukimbiza, majivu yanatoka kwenye matundu ya pasi na kumwagikia shati jeupe la mtoto wa watu.

Yeye akawa anaingia saa tatu, wateja wameshajaa kwenye benchi. Ukimuuliza: foleni, mama. Kesho yake: gari liliharibika njiani. Siku hiyo muuza vifungo, ambaye naye hutokea Mbagala, alikuwa ameshafika, amekunywa chai na kuondoka. Nikajua nadanganywa, nikaanza kuulizia kijana mwingine.

Asubuhi moja nikafungua droo ya cherehani nitafute bobini. Nikakuta kipande cha karatasi ya kukatia, kimeandikwa kwa peni:

"Shikamoo mama. Siyo foleni. Namsindikiza mdogo wangu shuleni Kurasini, uhamisho wake bado. Makonda wakiona sare wanamzuia mlangoni kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Juzi walimsukuma akaanguka. Nikiwa naye nikamlipia kama mtu mzima, wanamwachia apande. Niliogopa utaniambia nikamalize ya nyumbani kwanza. Jioni naweza kubaki mpaka utakapofunga."

Nilikasirika kwanza, nisiseme uongo. Wiki nzima za foleni za kutunga! Lakini hilo la makonda nilikuwa naliona kila siku kituoni, watoto wamebanana na mikoba yao, gari linaondoka na nafasi zipo.

Alipoingia nikamwambia, "Mwanangu, kaa. Jioni utalaza marinda, utayapiga pasi, kisha utayapiga bandi yasiteleze. Asubuhi mimi naunga mkanda tu."

Mashati yalituletea shida kidogo. Kola ikishageuzwa inataka pasi papo hapo, isingoje jioni. Hiyo ilibidi niwashe mwenyewe, nikipepea mkaa mlangoni huku majirani wananicheka kwamba bosi amerudi kuwa mwanafunzi. Ila sketi zilitoka haraka kuliko Januari iliyotangulia, kwa sababu nilizikuta zimeshashikwa bandi, kazi yangu ikabaki kukanyaga cherehani.

Hakuacha kuchelewa hadi uhamisho ulipotoka. Tofauti ni kwamba sasa aliniambia jioni, "Mama, kesho usinitegemee kabla ya saa tatu," nami nikamwambia mwenye shati aje saa tano.