Kupima kama Mnara wa Redio Utaviona Vijiji: Uzoefu Wangu Usambara Magharibi

Niliombwa kuchunguza kama ukingo mmoja wa mlima ulio kaskazini mwa mji wa Lushoto, upande wa Magamba lakini nje ya msitu wa hifadhi, ungefaa kusimika mnara wa mita 45 wa redio ya jamii ya FM. Waliotoa kazi hiyo walitaka ramani yenye rangi mbili, vijiji vitakavyoonekana kutoka kileleni mwa mnara na vile visivyoonekana. Ramani hiyo niliwapa, lakini kazi yenyewe ilinithibitishia kwamba katika nchi ya milima kama Usambara jibu la ndiyo au hapana halitoshi, na kwamba swali lenye manufaa ni kijiji kimepungukiwa mita ngapi ili kionekane.

Nilianza na data ya mwinuko ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka angani mwezi Februari 2000, ambayo kila seli yake ina upana wa takriban mita 30. Data hiyo huja katika nyuzi za latitudo na longitudo, ilhali hesabu ya mwonekano inahitaji umbali wa mlalo na kimo vyote viwe katika mita, kwa hiyo kwanza niliigeuza kuwa UTM kanda ya 37 Kusini. Kisha nikatumia programu ya GDAL:

```
gdalwarp -t_srs EPSG:32737 -tr 30 30 -r bilinear usambara.tif usambara_utm.tif
gdal_viewshed -ox 420100 -oy 9475000 -oz 45 -tz 2 -cc 0.75 -md 40000 usambara_utm.tif mwonekano.tif
```

Hapo `-oz` ni kimo cha antena juu ya ardhi, `-tz` ni kimo cha mpokeaji, na `-md` ni mwisho wa umbali unaochunguzwa, yaani kilomita 40. Kigezo cha `-cc`, kinachorekebisha hesabu kwa mviringo wa dunia na kupinda kwa mawimbi hewani, kinahitaji uangalifu, kwa sababu thamani ambayo programu hutumia usipoiandika ni 0.857, inayofaa mwanga wa macho. Mawimbi ya redio hupindishwa na hewa zaidi kidogo kuufuata mduara wa dunia, na thamani yake ya kawaida ni 0.75. Katika umbali wa kilomita 20 tofauti ya thamani hizo mbili ni kama mita 3 tu, lakini huongezeka haraka kadiri umbali unavyokua.

Kabla ya kuiamini ramani nilikagua seli ambamo mnara unasimama. Ukingo mwembamba huliwa na seli ya mita 30, kwa kuwa kilele na miteremko yake yote miwili huchanganywa kuwa namba moja, na kilele hutoka kikiwa kifupi kuliko kilivyo. Miti nayo huleta kosa la upande wa pili, maana rada ya SRTM haikufika ardhini kila mahali palipokuwa na msitu, hivyo penye mikaratusi mirefu seli inaweza kuwa juu ya ardhi halisi na mnara ukahesabiwa kama uliosimikwa juu ya matawi. Nililinganisha mwinuko wa seli na kontua za ramani ya 1:50,000, nikarudia hesabu kwa kumweka mtazamaji katika seli jirani. Maeneo yaliyobadilika rangi kwa kusogea seli moja tu niliyatia alama kuwa ni ya mashaka.

Ramani ya rangi mbili iliviweka vijiji viwili katika kundi la visivyoonekana na kimoja katika kundi la vinavyoonekana, vyote vikiwa umbali wa karibu kilomita 20 kutoka kwenye mnara. Nitaviita A, B na C. Hapo ndipo nilipoendesha amri ile ile kwa namna nyingine, ambayo nadhani watu wengi hawaitumii inavyostahili:

```
gdal_viewshed -ox 420100 -oy 9475000 -oz 45 -cc 0.75 -md 40000 -om GROUND usambara_utm.tif pungufu.tif
```

Badala ya rangi mbili, kila seli sasa hubeba kimo cha chini kabisa ambacho kitu kingepaswa kuwa nacho juu ya ardhi ili kionekane kutoka kwenye antena. Kijiji A kilitoa karibu mita 9, na kijiji B karibu mita 160. Kwa C, kilichokuwa tayari kinaonekana, njia hii haisemi kinaonekana kwa ziada ya kiasi gani, kwa hiyo nilichora mkato wa ardhi kati yake na mnara. Mstari ulipita mita 5 tu juu ya ukingo ulio katikati ya njia.

Mita hizo zinapaswa kusomwa kwa kipimo cha wimbi lenyewe. Katika megahezi 100 wimbi lina urefu wa mita 3, na katika njia ya kilomita 20 eneo ambalo sehemu kubwa ya nguvu yake husafiria, yaani ukanda wa kwanza wa Fresnel, lina nusu kipenyo cha karibu mita 122 katikati ya njia. Ili kizuizi kisipunguze mawimbi kwa kiasi cha kujali, mstari unapaswa kukiruka kwa karibu asilimia 60 ya kiasi hicho, yaani mita 73. Kijiji C, kinachokiruka kizuizi kwa mita 5, hupoteza kati ya desibeli 5 na 6. Kijiji A, ambacho ukingo unaokizuia nao uko katikati ya njia, hupoteza zaidi kidogo ya desibeli 6. Tofauti yao haifiki desibeli 1, ingawa ramani iliwapaka rangi zinazopingana. Tena, SRTM yenyewe ilitengenezwa kwa lengo la kosa la kimo lisilozidi mita 16 katika asilimia 90 ya eneo, kwa hiyo mita 9 na mita 5 zote zimo ndani ya kosa la data. Niliwaandikia kwamba A na C ni vijiji vya hali moja, na vyote viwili vitasikia.

Kijiji B ni jambo jingine kabisa. Ukingo unaokifunika uko kilomita 1.5 tu kutoka kijijini, na hasara niliyoikokotoa ni kama desibeli 23, maana yake mawimbi yanafika yakiwa na takriban sehemu moja ya mia mbili ya nguvu ambayo yangekuwa nayo bila kizuizi. Wazo la kwanza la waliotoa kazi lilikuwa kuongeza mnara ufike mita 60. Kwa A nyongeza hiyo ingenyanyua mstari kwa mita 7.5 penye ukingo, kwa kuwa kizuizi chake kiko katikati. Kwa B, kizuizi kikiwa karibu sana na mpokeaji, mita 15 za chuma zingenyanyua mstari kwa mita 1 na kidogo tu, wakati pengo linalotakiwa kuzibwa penye ukingo huo ni karibu mita 150.

Kwa uhakiki nilikwenda C asubuhi moja isiyo na ukungu, nikiwa na darubini na dira, na ukingo wa mnara ulikuwa umefichwa nyuma ya ule wa katikati, kama mkato ulivyosema, kwani ni sehemu ya juu tu ya mnara wa mita 45 itakayouruka. Kule B hakuna haja ya darubini, kwani mlima umesimama mbele ya nyumba.

Pendekezo nililoliacha ni mnara ubaki mita 45, na kijiji B kiwekewe kirudishi kidogo cha mawimbi juu ya ukingo ule ule unaokifunika, baada ya kupatikana kibali cha masafa kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Niliendesha uchambuzi upya nikimweka mtazamaji hapo akiwa na mlingoti wa mita 10, na karibu nyumba zote za kijiji ziliingia katika eneo linaloonekana, isipokuwa chache zilizo chini kabisa ya genge.