Meli iliwaka moto, kontena langu likashikiliwa: nilivyodai bima

Kontena langu la futi 40 lilitoka Ningbo likiwa na katoni 600 za mashuka. Ankara pamoja na nauli ilikuwa dola 42,000, na bima nilikata kwa dola 46,200, yaani thamani hiyo na asilimia 10 juu yake. Meli ikawaka moto katikati ya Bahari ya Hindi, mabaharia wakauzima kwa maji ya bahari, kisha ikaingia Colombo kwa matengenezo. Nilikuwa dukani Kariakoo wakala wangu wa forodha aliponipigia: "Dada, mwenye meli ametangaza jenero avereji. Mzigo hautoki mpaka uweke dhamana."

Nilikasirika. Moto sikuuwasha mimi, iweje nidaiwe? Dalali wangu wa bima ndiye aliyenieleza nikaelewa. Nahodha wa jahazi akitosa baharini magunia ya mtu mmoja ili chombo kisizame, haiwi haki mtu huyo peke yake abebe hasara, kwa kuwa magunia yake ndiyo yaliyookoa ya wenzake. Wote waliookoka wanachangia, na mwenye chombo naye yumo; hiyo ndiyo jenero avereji. Siku hizi hesabu hiyo hufuata Kanuni za York-Antwerp, toleo la karibuni likiwa la 2016. Kinachoingia kwenye mfuko huo wa michango ni hasara au gharama iliyofanywa kwa makusudi ili kuokoa meli na shehena, kama maji ya kuzimia moto na gharama za kuingia bandari ya kukimbilia. Mchango huo hauhusiani na kosa la mtu. Na mwenye meli ana haki ya kuzuia mzigo mpaka awe na uhakika wa kulipwa.

Dhamana yenyewe ni karatasi mbili. Ya kwanza nilisaini mimi kama mwenye mzigo, nikiahidi kulipa mchango utakaokokotolewa, na nikaambatanisha ankara. Ya pili ilitoka kwa kampuni yangu ya bima, ikimhakikishia mwenye meli kwamba mchango huo utalipwa. Bima za shehena mara nyingi huuzwa kwa ngazi tatu, A, B na C. Nilikuwa na A, lakini hata C iliyo ndogo kabisa inalipa mchango huu. Nilipeleka kwa dalali bili ya shehena, ankara, orodha ya mzigo, cheti cha bima na lile tangazo la mwenye meli siku ileile, na dhamana ikatoka baada ya siku nne. Mzee mmoja wa Mtaa wa Aggrey alikuwa na mzigo wa dola 30,000 kwenye meli hiyohiyo bila bima. Yeye alitakiwa kuweka fedha taslimu, asilimia 12 ya thamani, dola 3,600. Alihangaika wiki tatu kuzitafuta huku gharama za kuhifadhi kontena bandarini zikipanda kila siku.

Ikabaki kujua mzigo umefikaje. Tulipofika bandari kavu kulichukua kontena niliona ubavu mmoja umebabuka rangi na mpira wa mlango umelainika kwa joto. Karani akaniletea karatasi ya makabidhiano iliyoandikwa kwamba kontena ni zima. Alinihimiza nisaini haraka kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Nilikataa mpaka alipoandika kwa mkono wake: "rangi imeungua, mpira wa mlango umeharibika, yaliyomo hayajakaguliwa." Ukisaini kwamba umepokea kizima, kesho ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha kwamba hakikuharibikia kwenye lori lako.

Mlango sikuufungua siku hiyo. Niliiomba kampuni ya bima ilete mkaguzi, nikaandika barua kwa wakala wa meli kumwalika ukaguzi na kumweleza kwamba namhesabu msafirishaji kuwa anawajibika. Uharibifu unaoonekana unaandikwa palepale unapopokea mzigo, na uliojificha una siku 3. Najua mwenye meli ana kinga kubwa panapotokea moto, ila barua hiyo ni ya lazima, maana kampuni ya bima ikishanilipa inarithi haki yangu ya kumdai. Nikiipoteza haki hiyo kwa uzembe, inaweza kunibana kwenye malipo. Kesi dhidi ya msafirishaji nayo ina ukomo wa mwaka 1.

Siku ya ukaguzi tulianza na picha ya namba ya kontena, kisha sili ikiwa bado imefungwa, namba yake ikisomeka na kulingana na ya kwenye bili ya shehena. Kisha mlango, kisha kila safu ya katoni kabla haijaguswa. Mkaguzi aliingia ndani, akafungiwa mlango na kutazama kama mwanga unapenya. Akadondosha dawa ya kupimia chumvi, nitreti ya fedha, kwenye katoni zilizolowa, na tone likageuka jeupe kama maziwa, dalili ya chumvi. Kama lingebaki angavu, ingekuwa maji ya mvua, na maswali yangegeukia bandari kavu na paa la kontena. Kwa chumvi ile, na kwa kuwa mchoro wa upakiaji ulionyesha kontena letu lilikuwa jirani na lililoungua, maji yakahusishwa na uzimaji wa moto.

Hapo mkaguzi alinifundisha jambo ambalo peke yangu nisingelijua. Alitaka katoni zilizolowa zikae rundo lake, na zinazonuka moshi tu rundo jingine. Bima yangu inalipa zote, lakini kwa Kanuni za York-Antwerp maji ya kuzimia moto yanaingia kwenye mfuko wa pamoja, moshi na joto la moto haviingii. Ukizichanganya, hesabu haitenganishiki tena.

Katoni 110 zilikuwa zimelowa, 30 zinanuka moshi. Nilikodi vijana wa kuanika na kupepea, nikatunza risiti zao, kwa sababu gharama ya kuzuia hasara isikue nayo inadaiwa. Hakuna nilichotupa mpaka mkaguzi aliporuhusu kwa maandishi. Katoni 20 ziliota ukungu zikahesabiwa zimekufa. Kwa 90 zilizobaki za maji tulileta wanunuzi watatu watoe bei kwa maandishi, na tukakubaliana zimepoteza asilimia 60. Za moshi zilipoteza asilimia 20. Kwenye bima kila katoni ilikuwa na thamani ya dola 77, kwa hiyo 20 zilizokufa zilikuwa dola 1,540, zile 90 dola 4,158, za moshi 462. Jumla dola 6,160, ambazo nililipwa baada ya miezi mitatu pamoja na risiti za kuanika.

Hesabu ya mchango ilichelewa zaidi ya miaka miwili. Ilipokuja, kiwango kilikuwa asilimia 5. Nilidhani mzigo wangu ulioharibiwa na maji utasamehewa, kumbe unachangia pia, kwa kuwa mfuko unaufidia. Bila hivyo aliyelowa angetoka na nafuu kuliko aliyebaki mkavu. Kilichotolewa ni hasara ya moshi peke yake: kwa bei ya ankara, dola 70 kwa katoni, ni dola 420. Thamani ikabaki 41,580, na mchango dola 2,079. Kampuni ya bima ililipa wote, kwa sababu thamani niliyokatia haikuwa chini ya ile iliyochangia. Ingekuwa chini, ingelipa kwa uwiano na mimi ningejazia. Fidia ya maji kutoka kwenye mfuko ilikwenda kwake, kwa vile ilikuwa imeshanilipa.

Yule mzee alidaiwa dola 1,500 na kurudishiwa 2,100. Fedha yake ilikuwa imekaa huko muda wote huo.