Abiria wawili, mfuko mmoja

Jamani, leo nimekatwa mara mbili kwa safari moja ya treni.

Kuingia, niligusisha kadi ya benki getini. Kutoka, kadi ilikuwa chini kabisa ya begi na simu iko mkononi, nikagusisha simu. Geti likafunguka bila ubishi, nami nikaenda zangu.

Nimefika nyumbani nakuta makato mawili, yote ya nauli ya juu kabisa!

Kumbe kadi niliyoiweka kwenye simu, ingawa ni ya akaunti ileile, haitumii namba iliyo kwenye plastiki. Simu hutoa namba yake mbadala.

Nimefungua maelezo ya kadi kwenye simu nikalinganisha tarakimu nne za mwisho. Hazifanani hata moja. Nimezikodolea macho kama mjinga.

Kwa hiyo mfumo umeona abiria wawili: mmoja kaingia hajatoka, mwingine katoka hakuingia. Kila mmoja kalipishwa safari isiyokamilika.

Nimeshaomba marekebisho ya nauli, nikataja namba zote mbili.

Nani yamemkuta? Ulirudishiwa?