Nusu ya sindano

Jana usiku binti yangu alikuwa amejifungia na madaftari yake ya uuguzi. Nikasikia mlango unafunguka, akatoa kichwa tu: "Mama, mgonjwa akianza kuhema baada ya kuongezewa damu, Lasiksi anapewa au hapewi?"

Nilimjibu "inategemea", akaguna, akafunga mlango. Mimi usingizi ukaruka.

Mnajua nilivyokuwa miaka ile ya uuguzi wangu: mwepesi wa mkono, na najiona. Mwezi mmoja kabla ya kisa kilichoniondolea usingizi nilikuwa nimemwokoa bibi mmoja mwembamba wa miaka 74, aliyekaa na upungufu wa damu muda mrefu. Tulimpa chupa mbili mfululizo, ya pili ikaingia kwa saa moja na nusu badala ya tatu au nne. Akaanza kukohoa, presha ikapanda kutoka 130 hadi 184, mishipa ya shingo ikavimba kama kamba. Nilifunga damu, nikamkalisha wima, nikamwekea oksijeni, daktari akaagiza Lasiksi, ile dawa ya kukojoa, miligramu 40. Ndani ya saa moja mfuko wa mkojo ulikuwa umejaa na bibi anauliza kama amekosa chai. Kwa hiyo kichwani mwangu somo lilikuwa limekamilika: damu, pumzi, Lasiksi.

Huyu wa pili alikuwa mama wa miaka 31, ametoka upasuaji, anavuja damu isiyotaka kuganda. Daktari akaagiza plazma, yale maji ya damu yenye vitu vya kuigandisha. Mfuko wa kwanza uliingia vizuri. Wa pili ulikuwa na kama dakika arobaini hivi nilipomsikia kabla sijamwona. Kuna sauti ya mtu anayepumua ndani ya maji, ukishaisikia huisahau. Oksijeni 79. Midomo imeanza kubadilika rangi. Nikafunga plazma, nikabadilisha mpira wote na kuweka maji ya chumvi yanayodondoka polepole ili njia ya mshipa isizibe, nikamwekea barakoa ya oksijeni. Stetoskopu ikanipa mlio uleule wa bibi, mapafu yote mawili yanachemka kama chungu.

Daktari wa zamu alikuwa njiani. Nilimwambia kwenye simu, "Amejaa maji baada ya plazma," naye akajibu, "Mpe Lasiksi 40, nakuja." Tazameni nilivyomweleza. Sikumpa presha, wala joto. Nilimpa jibu langu, naye akanirudishia dawa ya jibu hilo.

Nikavuta dawa kwenye bomba, nikaunganisha kwenye kanula, nikaanza kusukuma taratibu huku nikitazama mistari ya bomba. Mkono wangu uko pale mpaka leo. Miligramu 10. Miligramu 15. Nyuma yangu sista mkuu wa zamu akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama umefunga dirisha: "Shingo yake umeiona?"

Sikuwa nimeiona. Nikainua macho. Mama yule alikuwa amekaa nusu wima, kichwa kimeangukia kushoto, na shingo ilikuwa laini, hakuna mshipa hata mmoja uliosimama. Bomba lilikuwa kwenye 20. Sista akasoma mashine: presha 86 kwa 50. Joto 38.7. Nikatoa mkono kwenye bomba kana kwamba limeniunguza.

Vitu viwili tofauti vinaleta maji yaleyale kwenye mapafu. Kwenye fomu vinaandikwa TACO na TRALI (lile la kwanza wanafunzi hulisoma kwa kicheko, na kila mwalimu hujifanya hajui kwa nini). Bibi, wa TACO, alikuwa mtungi uliojazwa kupita mdomo: mishipa imezidiwa, moyo umeshindwa kusukuma, maji yanarudi mapafuni. Presha inapanda, shingo inavimba, na ukimkojolesha anapona. Huyu mama, wa TRALI, alikuwa mtungi uliotoboka. Moyo wake haukuwa na kosa. Kuta za mishipa midogo ya mapafu ndizo zilizokuwa zimejeruhiwa, maji yanapenya yanakimbilia mapafuni, na mishipa yenyewe inabaki mikavu. Kumpa dawa ya kukojoa ni kukamua mtungi ambao tayari unamwagika.

Daktari alipofika presha ilikuwa 74. Hakunigombeza, nadhani alikuwa anajigombeza mwenyewe. Akaongeza maji kidogo kidogo kwenye mshipa, na alipomwingiza mpira wa kupumulia yalitoka mapovu mengi ya rangi ya njano na waridi. Eksirei ilionyesha mapafu meupe, na hiyo haikutusaidia, kwa sababu ya bibi pia ilikuwa nyeupe. Tofauti ni kwamba moyo wa bibi ulikuwa umetanuka. Kilichonishangaza ni kipimo cha damu: chembe nyeupe zilikuwa zimeshuka ghafla, kutoka 9 asubuhi hadi 2. Zilikuwa zimenasa mapafuni. Kingamwili zilizokuja na plazma zilikuwa zimezishika, zikaganda kwenye mishipa midogo na kumwaga sumu zao hapohapo.

Siku ya tatu alitolewa mashine. Kwa TRALI wengi hupata nafuu ndani ya siku mbili hadi nne, wakisaidiwa kupumua tu. Hakuna dawa yake.

Tulirudisha mifuko yote miwili benki ya damu. Baada ya wiki kadhaa jibu likaja: mtoaji wa mfuko wa pili alikuwa mwanamke aliyezaa mara kadhaa, na plazma yake ilikuwa na kingamwili dhidi ya chembe nyeupe za watu wengine. Mwili wa mama hujifunza kutengeneza hizo wakati wa mimba, ukikutana na alama ambazo mtoto amezirithi kwa baba. Yeye mwenyewe hazimdhuru kitu. Uingereza ilianza mwaka 2003 kupendelea plazma ya wanaume kwa sababu hiyohiyo. Mtoaji wetu aliondolewa kwenye orodha. Ni nani aliyemweleza, na kwa maneno gani, sikuwahi kujua. Utamwambiaje mtu kwamba kilichoachwa mwilini na watoto wake kilikaribia kumuua mtu mwingine?

Binti alirudi tena karibu saa sita, sasa na kalamu sikioni. Nikamsimulia yote hayo, nikamwambia aanze na presha, kisha shingo, kisha aulize ni kiasi gani kimeingia na kwa kasi gani. Joto asiliamini peke yake, maana hata waliojaa maji wapo wanaopata homa. Na asishangae akikuta mgonjwa mwenye vyote viwili. Fomu za siku hizi zina nafasi ya wale ambao hatuwezi kuwatenganisha, na mimi naona hilo ndilo jambo la kiungwana zaidi kwenye fomu ile.

Akaandika. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Hiyo nusu ya sindano ndiyo iliyomshusha presha?"

Ilishuka kutoka 86 hadi 74. Ingeweza kushuka hata bila mimi. TRALI inafanya hivyo, na Lasiksi haifanyi kazi kwa dakika mbili tatu. Hiyo ndiyo hesabu niliyojipigia usiku ule na nyingi zilizofuata, na kila mara inakaribia kutoka sawa. Kwenye fomu, penye nafasi ya dawa alizopewa, niliandika miligramu 20 na saa kamili. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini si 40.